Dakika Moja ya Mgeni: Namna ya Kuandika Trela ya Chaneli Mpya

Fundi mmoja wa cherehani mtaani kwetu aliniita barazani kwake akiwa na karatasi mkononi. Mwanawe alikuwa amemfungulia chaneli ya YouTube, jina limewekwa, picha imewekwa, na kilichobaki ni ile video fupi ya kuwaambia watu chaneli inahusu nini. Alikuwa ameiandika kwa mkono, kwa mwandiko mzuri, akataka niipitie kabla hajasimama mbele ya simu.

"Soma kwa sauti, mwanangu," alisema. "Nataka kusikia inavyokwenda."

Nikasoma. Ilianza na salamu za dini zote mbili, ikafuata habari zenu wapenzi watazamaji wa chaneli yetu pendwa. Kisha jina lake kamili, miaka yake 22 ya ufundi, na shukrani kwa Mungu, kwa mume na kwa mtoto aliyefungua chaneli. Halafu ikaja sentensi hii: katika chaneli hii tutakuletea mambo mbalimbali yahusuyo ushonaji, mitindo, urembo, ujasiriamali na mengine mengi. Mwisho, usisahau kusabskraibu, kulaiki, kukomenti, kushea na kubonyeza kengele. Saa ya simu yangu ilionyesha dakika moja na sekunde arobaini.

Nilimuuliza: mtu akimaliza kutazama hii, atakuwa ameahidiwa kupata nini? Akaichukua karatasi, akaipitia kimya, akanirudishia. "Mengine mengi," alisema, akacheka.

Kwanza tuelewane hiyo trela ni kitu gani, maana wengine wakisikia neno hilo hufikiria lori la Tunduma. Ni video fupi ambayo mwenye chaneli anaichagua iwe juu kabisa ya ukurasa wake wa mwanzo, ionekane na mtu ambaye hajajiunga. YouTube imeweka nafasi mbili tofauti pale. Moja ni ya wageni, nyingine ni ya wale waliokwisha kujiunga, na kila moja inaweza kuwa na video yake. Hilo ndilo jambo ambalo wenye chaneli mpya wengi hulipita bila kulitazama, nalo linabadilisha kila neno la kuandikwa. Anayetazama trela hakujui. Huwezi kumwita mpenzi mtazamaji, hajatazama kitu bado. Huwezi kuiita chaneli pendwa, hajapata nafasi ya kuipenda. Shukrani kwa mume zinamhusu mume.

Nilipomweleza fundi hivyo, alikubali yote isipokuwa salamu. "Mtu haingii nyumba ya watu bila hodi," alisema, na hapo nilikwama kidogo, kwa sababu kwetu ni kweli. Ukianza kuongea na mtu mzima bila kumsalimu umekwisha mkosea kabla hujasema ulichojia. Lakini tulipolitafakari pamoja tukaona kwamba hapa mwenye kubisha hodi ni mtazamaji. Yeye ndiye aliyekuja kwenye ukurasa wetu, pengine baada ya kuona jina letu mahali au kutumiwa kiungo na shoga yake. Mwenyeji hapigi hodi nyumbani kwake. Anasema karibu, anavuta kiti. Kwa hiyo salamu ikawa neno moja, karibu, na tukaliacha litafute mahali pake lenyewe ndani ya maandishi.

Halafu ipo sababu ya bando. Watu wengi wanaotazama video huku kwetu wanalipia intaneti kwa megabaiti, na kidole kinakuwa tayari juu ya kioo kuanzia sekunde ya kwanza. Sekunde ishirini za utambulisho ni sekunde ambazo mtu analipa ili akusikie ukijitaja.

Sasa kazi yenyewe. Nilimwomba aweke kalamu chini, anieleze ni akina nani huja pale barazani kumwomba msaada. Si wateja wa kushonewa. Namaanisha wale wanaokuja kujifunza, hata kwa dakika tano. Akasema ni mabinti walionunua cherehani kwa fedha za kikoba, au waliojifunza kwa miezi michache wakaacha. Wanajua kupitisha uzi, wanajua kujaza bobini, mstari wao umenyooka. Lakini kitenge kipya wanakileta kwake akikate yeye.

"Kwa nini hawakikati wenyewe?"

"Wanaogopa mkasi. Kushona ukikosea, unafumua. Kukata ukikosea, umekosea."

Nilimwambia aandike hiyo. Miaka 22 ya ufundi ilikuwa imekaa ndani ya sentensi hizo mbili, na karatasi ya mwanzo haikuwa nayo hata kidogo. Tukaendelea. Makosa ya kukata ni yapi? Akaanza kuyahesabu kwa vidole. Kuna anayekata mikono miwili ya gauni, akigeuza anakuta yote ni ya upande mmoja, kwa sababu hakupindua pateni kabla ya kukata mkono wa pili. Kuna anayepanga kitenge chenye ndege akasahau kutazama wanaelekea wapi, mteja akivaa gauni ndege wamesimama kichwa chini. Kuna anayekata kwa kipimo kamili cha mwili bila kuacha nafasi ya mshono, nguo ikashonwa ikawa ya mdogo wake mteja. Na kuna mkono unaobana kwapani, ambao alisema ungehitaji video nzima peke yake.

Kutokana na maongezi hayo tuliandika sentensi moja tu kwenye karatasi mpya: ukifuata chaneli hii, utaweza kukata gauni lako la kitenge mwenyewe bila kuharibu kitambaa. Basi. Urembo ukatoka, ujasiriamali ukatoka, mengine mengi yakatoka.

Sentensi kama hiyo ndiyo trela yote. Yaliyobaki ni kuivalisha. Inafaa kuipima kwa swali moja gumu: mtazamaji mwenyewe anaweza kujua kama ahadi imetimia? Kuhusu gauni anaweza. Atakata, atashona, atavaa au hatavaa. Lakini ukimwahidi "kukuza kipaji chako" au "kupata elimu na burudani," hakuna siku atakayoweza kusema amepata au hajapata. Ahadi isiyoweza kuvunjwa haimvuti mtu, kwa sababu hata yeye anahisi kwamba hujajifunga na lolote.

Fundi alihofu kwamba tumejibana mno. Je, wanaotaka suruali? Wanaotaka kushona mapazia? Ni hofu ya kawaida, na ndiyo inayozaa yale "mambo mbalimbali" kwenye kila chaneli. Hata hivyo chaneli mpya haina jina la kuibeba. Mtu mashuhuri anaweza kusema "karibuni kwenye chaneli yangu" na akafuatwa, kwa sababu watu wanamfuata yeye. Fundi wa mtaani anafuatwa kwa sababu ya tatizo analolitatua, na tatizo likiwa moja na linaeleweka, mwenye nalo anajitambua papo hapo. Mapazia yatakuja siku yake.

Sipendi pia ile njia ya makundi ya WhatsApp, nijiunge kwako ujiunge kwangu. Ukiachilia mbali kwamba sera za YouTube zinaikataza, inakujazia watu ambao hawataki kukata gauni. Idadi inapanda, video hazitazamwi.

Kabla ya kuandika trela yenyewe kulikuwa na jambo la kutangulia. Chaneli haikuwa na video hata moja, na trela ya chaneli tupu ni kama tangazo la duka lenye rafu tupu: mgeni anavutika, anateremka chini ya ukurasa, anakuta pamekauka. Kwa hiyo tulirekodi masomo matatu kwanza, la kuchukua vipimo, la kuchora pateni kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, na la kukata kitambaa chenyewe. Hilo lilitupa faida ya pili ambayo sikuifikiria mwanzoni. Picha za trela zikawa zimepatikana. Hatukuhitaji kumsimamisha fundi mbele ya ukuta akihutubia. Tulikata vipande kutoka masomoni, mkono ukishika chaki, mkasi ukipita kwenye kitenge, utepe ukizunguka kiuno. Mgeni aliona kile kile atakachokikuta.

Sauti tuliirekodi peke yake, jioni, cherehani ikiwa imezimwa, katika chumba anachotundika nguo za wateja. Nguo zile zilinyonya mwangwi, na simu ya kawaida ilitoa sauti safi kuliko nilivyotarajia.

Kuhusu urefu, YouTube haikubani, lakini nashauri usivuke dakika moja. Hapa Kiswahili kina hesabu yake. Maneno yetu ni marefu; "nitakuonyesha" ni neno moja lenye mzigo wa sentensi nzima. Nikisoma kwa mwendo wa kueleweka, maneno mia moja na ushei hunimalizia dakika. Ukiandika mia mbili utalazimika kukimbia kama mtangazaji wa mpira, au utavuka dakika. Tuliandika haya, yana maneno mia moja na manne:

"Hii mikono miwili ni ya upande mmoja. Kitambaa kimekwisha, na mteja anakuja kesho.

"Kama unajua kuendesha cherehani lakini mkasi unakutetemesha, hapa ndipo pako, karibu.

"Nitakufundisha kukata gauni la kitenge, kuanzia vipimo vya mwili hadi vipande viko tayari kushonwa. Tunakata kwanza karatasi ya mfuko wa saruji. Ukikosea, hujapoteza kitu. Utajua nafasi ya kuacha pembeni kwa ajili ya mshono, namna ya kupanga maua yasisimame kichwa chini, na kwa nini mkono hubana kwapani.

"Ninashona mtaani kwa miaka ishirini na miwili, na makosa yote nitakayokuonyesha nimeyafanya mwenyewe.

"Kila baada ya wiki mbili, somo moja. Somo la kwanza la kuchukua vipimo liko hapo chini. Bonyeza Subscribe, chukua utepe, tuanze."

Tazama mahali lilipoangukia jina na sifa za fundi. Jina halimo kabisa, limekwisha andikwa juu ya ukurasa. Miaka 22 imo, ila imekuja baada ya faida, wakati ambapo mgeni tayari ana sababu ya kuuliza huyu ni nani anayeniahidi hivi. Na imekuja pamoja na kukiri makosa. Fundi hakulipenda hilo mwanzoni. Alidhani litamshushia hadhi. Mimi naona ndilo lililompa sauti yake, maana mtu anayeogopa mkasi hahitaji bingwa asiyewahi kukosea.

Mwanzo wake nao ni tatizo, si utambulisho. Picha ya kwanza ilikuwa meza, juu yake mikono miwili ya kitenge imelazwa, yote imepinda upande mmoja. Anayejua kushona anaona kosa kabla halijatajwa. Juu ya picha tuliandika kwa herufi kubwa MIKONO MIWILI YA UPANDE MMOJA, kwa sababu mtu akiwa kwenye daladala bila visikilizio hatafungua sauti. Kila ahadi katika trela ilipata maandishi yake, maneno manne au matano, yasiyozidi. Ukiandika sentensi nzima kwenye kioo cha simu, mtu atashughulika kusoma na picha itampita.

Ratiba tulibishana. Yeye aliandika kila Jumamosi. Nikamuuliza mwezi wa Januari itakuwaje, shule zikifunguliwa na sare zikiwa zimerundikana mlangoni. Na kuelekea Idi? Na Desemba ya harusi? Akanyamaza, akafuta, akaandika kila baada ya wiki mbili. Siku ya toleo iliyotajwa kwenye trela ni ahadi kama ile ya gauni, na ndiyo ya kwanza mgeni kuikagua: anateremka chini na kusoma tarehe za video.

Muziki ulikuwa karibu utuharibie. Kijana wake alikuwa ametia wimbo wa Bongo Fleva uliokuwa ukivuma, na kweli ulipendeza. Tatizo ni kwamba mfumo wa YouTube hutambua nyimbo za wenyewe. Kwa kawaida video iliyowekwa kuwa trela haionyeshi matangazo pale kwenye ukurasa wa chaneli, lakini ikiwa na kazi ya mtu mwingine iliyodaiwa na mwenye nayo, matangazo yanaweza kutokea. Fikiria mgeni amefika, na badala ya mikono ya kitenge anakutana na tangazo la sabuni. Tukautoa, tukachukua muziki mtulivu kutoka Audio Library iliyomo ndani ya YouTube Studio, sauti yake tukaishusha mpaka ukawa kama redio ya jirani.

Kuweka ni rahisi. Unaipakia video kama nyingine yoyote, kisha kwenye kompyuta unafungua studio.youtube.com, unaingia Customization, halafu Home tab. Pale utaona Channel trailer for people who haven't subscribed. Unachagua video, unabonyeza Publish. Chini yake iko nafasi ya waliojiunga, Featured video for returning subscribers. Hapo fundi aliweka somo lake jipya.

Lakini kabla ya kuipakia tulifanya jaribio moja ambalo sasa silikosi. Binti mmoja alikuja kubadilishiwa zipu ya sketi. Hakujua lolote kuhusu chaneli. Tulimwonyesha video mara moja, tukaizima, nikamuuliza: ukijiunga na hii utapata nini? Alijibu, "Nitajifunza kukata kitenge kwa kuanza na karatasi." Hatukugusa neno jingine. Angejibu kwamba ni chaneli ya mama mmoja fundi, tungerudi kwenye karatasi, kwa sababu angekuwa amemkumbuka mwenyeji na kusahau alichoandaliwa.

Baada ya hapo kuna kipimo cha YouTube chenyewe, katika Analytics ya ile video. Mchoro wa Audience retention unaonyesha mstari wa waliobaki wakitazama, sekunde kwa sekunde. Ukiporomoka katika sekunde tano za kwanza, mwanzo wako umemchosha mtu au haumhusu. Ukiteremka taratibu kisha ukakatika ghafla mahali fulani, nenda usikilize unasema nini pale. Kwetu ulikatika kwenye sentensi ya mifuko ya saruji, nikadhani maneno hayaeleweki. Kumbe ni picha: tulikuwa tumeacha fundi akikunja karatasi kwa sekunde tisa bila kukata chochote. Tulifupisha picha ikawa sekunde nne, tukazijaza zilizobaki kwa mkasi ukipita kwenye karatasi, maneno tukayaacha. Angalia pia ni wangapi walijiunga kutokana na video hiyo, na ni wangapi waliifikia kupitia Channel pages, maana hao ndio wageni hasa uliowaandikia. Ila usikimbilie hukumu kwa watazamaji kumi. Nusu yao ni ndugu.

Trela haiwezi kila kitu. Haimleti mtu kwenye ukurasa. Analetwa na masomo yenyewe, na majina yaliyoandikwa juu ya masomo hayo. Kazi yake inaanza mgeni akishafika na inakwisha akishabonyeza. Chaneli yenye trela nzuri na somo lisilosikika vizuri itampoteza mtu yule yule siku ile ile.

Fundi sasa anafundisha suruali. Trela ya zamani bado inasema gauni, kwa hiyo wiki hii tunaandika mpya, na tumeanza tena kwa swali la wanaokuja barazani na wanachokiogopa. Kubadilisha ni pale pale kwenye Home tab: unachagua video nyingine, ya zamani inabaki kwenye chaneli kama video ya kawaida. Waliokwisha kujiunga hawataona tofauti yoyote, maana dakika ile haikuwa yao.